Ujumbe mkuu wa wasilisho

Ujumbe mkuu wa wasilisho ni sentensi moja kamili ambayo msemaji anataka wasikilizaji waondoke nayo baada ya kumsikiliza. Katika wasilisho fupi, kwa mfano la dakika 10, sentensi hiyo huchaguliwa kabla ya kuandaa slaidi, kwa sababu ndiyo inayoamua picha gani ionyeshwe, mfano gani utolewe na jambo gani liachwe. Makala hii inaeleza namna ya kuichagua kwa kufuata mfano mmoja hadi mwisho: afisa ugani anayejiandaa kuzungumza na wakulima wa migomba katika kata ya Kanazi, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, nchini Tanzania. Ugonjwa anaouzungumzia ni wa kweli. Mkutano wenyewe ni wa kubuni, umewekwa hapa ili hatua zionekane.

## Mada na ujumbe

Kosa la kwanza la wasemaji wengi ni kudhani kwamba mada ndiyo ujumbe. "Mnyauko wa migomba" ni mada. "Athari za mnyauko wa migomba kwa uchumi wa kaya" nayo ni mada, ingawa ni ndefu zaidi. Mada hutaja jambo litakalozungumzwa lakini haisemi chochote kulihusu, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuikubali, kuikataa wala kuifanyia kazi.

Ujumbe husema jambo. Una kiima na kiarifu, na mtu akiusikia anaweza kujibu "kweli" au "si kweli", "nitafanya" au "sitafanya". Njia rahisi ya kutofautisha viwili hivi ni kujaribu kuweka maneno "Nataka mjue kwamba" au "Nawaomba" mbele ya ulichoandika. "Nawaomba athari za mnyauko" haisemeki. "Nawaomba mpitishe panga motoni" inasemeka.

Sentensi iwe moja kwelikweli. Wapo wanaoandika sentensi yenye "na" tatu ndani yake, wakaihesabu kuwa moja. Kisarufi ni moja, lakini msikilizaji anapewa mizigo minne, na yeye ndiye atakayechagua ni upi wa kuudondosha njiani.

## Dakika 10 zinatosha nini

Katika mkutano wa kijiji dakika 10 si dakika 10. Msemaji husimama, husalimia, humshukuru mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata, hutambua wazee waliohudhuria, na huenda akangoja watoto wanyamaze. Hiyo ni dakika moja, na mahali pengine mbili. Si muda wa kupuuzwa: mgeni anayeruka salamu huanza kusikilizwa vibaya. Kwa hiyo zimebaki dakika 8 au 9.

Ili kujua dakika 8 zinabeba maneno mangapi, msemaji ajipime mwenyewe. Achukue ukurasa wowote wa Kiswahili, ausome kwa sauti ya mkutanoni, si ya chumbani, kwa dakika moja, kisha ahesabu maneno. Akipata 100, basi dakika 8 zitabeba maneno 800. Hayo ni kurasa mbili tu zilizochapwa kwa nafasi ya kawaida kati ya mistari. Katika kurasa hizo mbili anapaswa kusema jambo, kulieleza, kulithibitisha, kujibu pingamizi analolitarajia na kulirudia. Hesabu hii inaonyesha kwamba jambo moja litaenea vizuri, mawili yatabanana, na matano yatatajwa tu bila kuelezwa.

## Mfano wa Kanazi

Mnyauko wa migomba, unaoitwa pia mnyauko bakteria au unyanjano, husababishwa na bakteria wa jenasi ya *Xanthomonas*. Uliripotiwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, mmea wa jamii ya mgomba, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukathibitishwa mkoani Kagera. Majani hugeuka njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake na bila mpangilio, ndani ya tunda huonekana rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoka utomvu wa njano. Mgomba ulioambukizwa hauna dawa. Kwa kaya ambayo chakula chake cha kila siku, pombe yake ya sherehe na fedha yake ya ada vinatoka shambani humohumo, ugonjwa huu si habari ya kitabuni.

Afisa ugani wetu amepewa dakika 10 katika darasa la shule, ambako kuna umeme na projekta. Anajua mengi: historia ya ugonjwa, jina la bakteria, dalili, njia nne za maambukizi, namna ya kuvunja ua dume, namna ya kuondoa mashina yenye ugonjwa, aina za migomba zinazoshambuliwa zaidi. Yote ni kweli na yote yana faida. Swali lake ni lipi lisemwe.

### Kuanza kwa wasikilizaji

Hatua ya kwanza haifanyiki mezani. Kabla ya kuandika chochote anatembelea mashamba machache na kuuliza maswali ya kawaida: mkiona mgomba umenyauka mnafanya nini? Ua dume mnalitoa lini, na kwa kitu gani? Panga hili ni la nani? Kibarua aliyekata majani hapa jana alikuwa shamba gani juzi?

Tuseme majibu anayoyapata ni haya. Karibu kila mtu anaujua ugonjwa kwa kuuona. Wengi huvunja ua dume, kwa kuwa walifundishwa zamani. Wanaokata migomba iliyonyauka wapo pia, tena kwa bidii. Lakini panga ni lilelile. Limekata mgomba mgonjwa asubuhi, limepunguza majani ya mgomba mzima mchana, na jioni limeazimwa na jirani. Wanunuzi wa ndizi nao huja na visu vyao na kukata mikungu kutoka shamba hadi shamba.

Matembezi hayo yamemwonyesha mahali penye pengo. Bila kutembea angeweza kutumia dakika zake zote kuwafundisha watu kuutambua ugonjwa wanaoujua kuliko yeye.

### Sentensi nne kwenye karatasi

Sasa anaandika kwa kalamu sentensi zote zinazogombea nafasi. Kuziandika ni muhimu, kwa maana sentensi iliyo kichwani huonekana nzuri siku zote.

Ya kwanza ni hii: "Mnyauko wa migomba ni ugonjwa hatari unaosababishwa na bakteria." Ni kweli, lakini wasikilizaji tayari wanajua kwamba ni hatari, na jina la bakteria halibadilishi watakachofanya kesho asubuhi. Anaikata.

Ya pili: "Vunjeni ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho linapotokea." Hii ni sentensi nzuri. Wadudu wanaotembelea ua dume hubeba bakteria kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, na kijiti hutumika badala ya kisu ili kisu kisije kikafanya kazi ya mdudu. Katika kijiji ambako jambo hili halijafika, pengine hii ndiyo ingekuwa ujumbe mkuu. Lakini hapa wengi wanaifanya tayari, na haizuii njia ya panga.

Ya tatu: "Ondoeni kila shina lenye ugonjwa." Zamani wakulima walishauriwa kung'oa kisiki kizima pamoja na machipukizi yake yote, kazi ngumu ambayo wengi waliikwepa. Baadaye ikaonekana kwamba kukata shina lenye dalili peke yake, usawa wa ardhi, na kurudia kila dalili mpya inapotokea, kunaweza kupunguza ugonjwa shambani, kwa sababu bakteria hawafiki katika kila chipukizi la kisiki. Hii nayo ni kweli na inatendeka. Lakini ina sharti ndani yake: shina linakatwa kwa chombo gani? Mkulima mwenye bidii ya kukata mashina yenye ugonjwa kwa panga lisilosafishwa anaweza kuueneza kuliko jirani yake mvivu.

Ya nne: "Panga lipite motoni kabla ya kugusa shina jingine."

Anaichagua ya nne, na sababu ya kuichagua ndiyo kiini cha kazi yote. Si kwamba ni ya kweli zaidi ya nyingine. Ni kwamba wasikilizaji hawaifanyi bado, wanaweza kuianza kesho kwa kitu walicho nacho nyumbani, na ushauri mwingine unaitegemea. Sentensi ya tatu haifanyi kazi bila ya nne. Ya pili yenyewe imejengwa juu ya wazo lilelile, kwamba chuma hubeba ugonjwa. Pale ambapo ushauri mmoja umebeba mingine mgongoni, huo ndio wa kuchaguliwa, na mingine itaingia kama mifano yake au itasubiri siku nyingine.

### Kunoa sentensi

Sentensi iliyochaguliwa haijawa tayari. Rasimu yake ya kwanza huenda ilisema: "Safisheni vifaa vya shambani baada ya kukata mgomba mgonjwa." Kuna maneno matatu ndani yake yanayoteleza. "Safisheni" inaweza kueleweka kama kufuta kwa majani au kusuuza kwa maji, na yote mawili hayaui bakteria. "Vifaa" ni neno la ripoti. Mkulima ana panga, kisu na jembe. Na "mgomba mgonjwa" ndiyo hatari kubwa kuliko yote, kwa kuwa mgomba unaweza kuwa umeambukizwa kwa majuma kadhaa bila kuonyesha dalili yoyote. Anayesafisha panga baada ya mgomba ulionyauka tu ameshachelewa.

Ndiyo maana rasimu ya mwisho inataja panga, inataja moto, na inasema "shina jingine" bila kuuliza kama shina la kwanza lilikuwa zima au gonjwa. Jiki pia huua bakteria hao, lakini hununuliwa dukani na huhitaji kipimo. Moto upo katika kila nyumba. Jiki inaweza kutajwa kwenye majibu ya maswali.

### Kinachoachwa nje

Sehemu inayouma ni hii. Afisa ugani anaipenda historia ya ugonjwa, tangu Ethiopia hadi Kagera, na anaisimulia vizuri kwa dakika mbili. Anajua pia kueleza kwa nini ndizi za pombe hushambuliwa kwa urahisi kupitia ua dume kuliko nyingine. Kila kipande kinapimwa kwa swali moja: je, kikitolewa, mtu atakuwa na sababu pungufu ya kupitisha panga motoni? Historia ikitolewa, hakuna kinachopungua. Inatoka. Maelezo ya utomvu wa njano yakitolewa, wasikilizaji hawataelewa panga linabeba nini. Yanabaki.

Vilivyotolewa havitupwi. Vinaandikwa kwenye karatasi ya pembeni kwa ajili ya maswali, na mara nyingi ndivyo vinavyomfanya msemaji aonekane ameiva anapoulizwa.

Mgawanyo wa muda unakuwa hivi: dakika moja ya salamu na kuutamka ujumbe mara moja, bila kuuficha hadi mwisho, dakika tatu za kueleza jinsi utomvu wa shina moja unavyosafiri kwenye panga, dakika tatu za kuonyesha kwa panga na jiko la mkaa, chuma kikipashwa moto pande zote mbili hadi kisishikike kwa mkono, dakika mbili za pingamizi, na dakika moja ya mwisho ya kuurudia ujumbe kwa maneno yaleyale.

Pingamizi halikwepeki. Mtu mwenye visiki 200 atauliza kama anatakiwa kukoka moto mara 200. Msemaji asipolitaja yeye, litatajwa na mwingine kwenye njia ya kurudi nyumbani, na hapo hatakuwepo kulijibu. Jibu mojawapo ni kwenda shambani na mapanga mawili na jiko dogo: moja likikata, jingine linapata moto. Nalo linaonyeshwa kwa vitendo, si kwa maneno.

## Hoja nyingi, ujumbe mmoja

Kuchagua ujumbe mmoja si kuwa na hoja moja. Mfano unaojulikana zaidi katika Kiswahili unahusu mkoa huuhuu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania na kuteka eneo lililo kaskazini mwa Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Mkoa wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa baada ya vita. Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa.

Watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka huo wanaweza kutaja maneno matatu ya hotuba ile: sababu, uwezo na nia. Mara nyingi hutolewa kama mfano wa "kanuni ya mambo matatu", yaani kwamba msemaji achague mambo matatu. Usomaji huo unakosea kidogo. Nyerere hakuwa na ujumbe tatu. Alikuwa na mmoja, kwamba Tanzania itampiga mvamizi, na kila neno kati ya yale matatu linajibu swali ambalo msikilizaji angeuliza baada ya kuusikia. Kwa nini tupigane? Sababu. Tutaweza? Uwezo. Tutafika mwisho? Nia. Ukiondoa ujumbe, maneno matatu yanabaki yakielea. Ukiondoa neno moja, ujumbe unabaki umesimama, umepungukiwa tu na mguu.

Afisa ugani anaweza kujenga vivyo hivyo: panga lipite motoni, kwa sababu chuma kinabeba utomvu, kwa sababu mgomba ulioambukizwa hautibiki, na kwa sababu moto mnao. Hoja ni tatu na ujumbe ni uleule.

## Kwa nini kabla ya slaidi

Programu ya PowerPoint ilianza kuuzwa mwaka 1987, na tangu hapo watu wengi wameanza kuandaa wasilisho kwa kuifungua. Ukurasa mpya huonyesha sanduku la juu lenye maneno `Click to add title` na sanduku la chini lenye maneno `Click to add text`. Sanduku la juu linaomba kichwa, na watu hulipa mada: "Utangulizi", "Dalili", "Maambukizi", "Udhibiti". Sanduku la chini linaomba orodha, nao huijaza. Baada ya saa moja kuna slaidi 14 zilizopangwa vizuri ambazo hakuna hata moja iliyosema jambo. Tena zimeshagharimu jasho, na mtu hakati kwa urahisi alichokitolea jasho. Sentensi ya kalamu hukatwa bila huruma. Slaidi yenye picha na rangi hutetewa.

Hatari yake ilionekana katika tukio lililo mbali sana na Kagera. Mwezi Januari 2003 kipande cha povu la kuhami kilibanduka na kugonga bawa la kushoto la chombo cha anga cha Columbia cha Marekani kilipokuwa kikirushwa. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa kampuni ya Boeing waliandaa slaidi kwa ajili ya viongozi wa NASA kuhusu madhara ya kipande hicho. Kichwa cha slaidi moja kilisomeka kama habari ya kutuliza, kwamba majaribio ya awali yalikuwa upande wa usalama. Chini kabisa, katika maandishi madogo ya orodha iliyogawanyika ngazi baada ya ngazi, ilielezwa kwamba kipande halisi kilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati kile cha majaribio kilikuwa na 3. Yaani kilikuwa kikubwa mara 640, na majaribio hayakuwa yamegusa hali kama hiyo.

Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilivunjika ikirudi duniani, na wanaanga wote 7 walikufa. Mtaalamu wa michoro ya takwimu Edward Tufte aliichambua slaidi hiyo, na tume ya uchunguzi iliingiza uchambuzi wake katika ripoti ya Agosti mwaka huo, ikikosoa mazoea ya kutumia slaidi badala ya maandishi kamili ya kitaalamu. Si haki kusema kwamba slaidi iliangusha chombo. Lakini inaonekana wazi kwamba jambo zito kuliko yote halikuwa na mahali pake. Kama mtu angelazimishwa kuandika sentensi moja kabla ya kufungua kompyuta, angelazimika kuchagua kati ya "Tuna uhakika ni salama" na "Hatujui, kwa sababu kipande hiki ni kikubwa mara 640 kuliko tulichopima". Orodha ilimruhusu kuziweka zote mbili.

### Slaidi zinazobaki

Ujumbe ukishapatikana, slaidi huwa chache zenyewe. Kwa kila dakika ya mpango, msemaji anajiuliza ni kitu gani wasikilizaji wanahitaji kukiona kwa macho na ambacho hawezi kukileta mkononi. Panga analileta. Jiko analileta. Shina lenye ugonjwa hapaswi kulileta, maana atakuwa ameusafirisha ugonjwa hadi penye mkutano. Hapo ndipo slaidi inapofaa: picha kubwa ya shina lililokatwa likitoa utomvu wa njano, ikijaza ukuta mzima. Nyingine inaweza kuwa picha mbili kando kwa kando, mgomba wenye dalili na mgomba ulioambukizwa usio na dalili bado, ili swali "yupi mgonjwa?" liulizwe na kushindwa kujibiwa. Ya tatu ni sentensi ya ujumbe, kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la nyuma.

Tatu zinatosha. Juu ya kila picha, kama lazima pawe na kichwa, kiwe sentensi: "Utomvu huu hubaki kwenye panga", badala ya "Maambukizi". Mwalimu wa uandishi wa kihandisi Michael Alley amehimiza kwa miaka mingi mtindo huu wa kichwa kinachodai jambo na picha inayolithibitisha. Una faida nyingine kwa mwandaaji: akishindwa kuandika kichwa cha slaidi kama sentensi, slaidi hiyo huenda haina kazi.

Umeme ukikatika, wasilisho lililojengwa juu ya sentensi moja linaendelea. Picha mbili zilizochapishwa kwenye karatasi kubwa zinazungushwa darasani, na panga na jiko vipo palepale.

## Kuupima ujumbe kabla ya siku yenyewe

Kipimo bora ni mtu asiye mtaalamu. Afisa ugani anamweleza jirani kwa dakika 10, bila slaidi, kisha wanazungumza mambo mengine. Baada ya saa moja anamwomba amsimulie mtu wa tatu alichosikia. Ngara kuna lugha za nyumbani, hasa Kihangaza na Kisubi, na hilo ni bahati kwa msemaji: amwombe jirani asimulie kwa lugha ya nyumbani. Mtu anayekariri Kiswahili cha mkutanoni anaweza kurudisha maneno bila kuyaelewa. Anayelazimika kuyahamisha katika lugha nyingine hawezi kuhamisha asichokishika.

Majibu yana namna tatu. Jirani akisema "alizungumza kuhusu mnyauko", amebaki na mada, na ujumbe haukufika. Akitaja mambo manne, kila moja kwa nusu, ujumbe ulikuwepo lakini umezibwa na wenzake. Akisema "panga lisiguse shina lingine kabla ya moto, hata kama mgomba unaonekana mzima", kazi imefanyika, na kipande cha mwisho cha jibu lake ndicho cha kufurahia zaidi, kwa kuwa ndicho kigumu.

Namna ya pili ndiyo inayotokea mara nyingi, na tiba yake si kuusema ujumbe kwa sauti kubwa zaidi. Ni kurudi kwenye mpango na kutafuta kilichovutia kuliko ujumbe. Mara nyingi ni kisa cha kuchekesha au takwimu ya kushangaza ambayo msemaji aliiacha ndani kwa mapenzi.

## Mahali ambapo njia hii haifai

Somo la darasani la dakika 10 ndani ya mfululizo wa masomo linaweza kubeba mambo matatu madogo, kwa sababu mwalimu atarudi kesho na wanafunzi wana madaftari. Taarifa kwa kamati ya maendeleo ya kata ina wajumbe wanaotakiwa kuona hesabu zote. Hapo hesabu hutolewa kwenye karatasi, na ujumbe mkuu wa dakika 10 ni ombi lenyewe, kwa mfano kwamba kamati ipitishe kanuni ya wanunuzi wa ndizi kutotumia visu vyao shambani. Tukumbuke kwamba afisa ugani yuleyule, kuhusu ugonjwa uleule, anahitaji sentensi nyingine mbele ya kamati kuliko aliyoitumia mbele ya wakulima. Kubadilisha jina la mkutano kwenye slaidi ya kwanza hakutoshi.

Yako pia mambo ambayo kwa haki hayana jibu moja. Msemaji ambaye ushahidi wake haujakamilika hapaswi kujitengenezea uhakika ili apate sentensi fupi. Ujumbe wake unaweza kuwa "Bado hatujui ni njia ipi inayoeneza ugonjwa katika kijiji hiki, na tunahitaji kila kaya ituonyeshe mgomba wa kwanza ulionyauka". Hiyo nayo ni sentensi moja, na wasikilizaji wana la kufanya baada ya kuisikia.

Mwisho kuna siku ambazo ratiba imechelewa na mwenyekiti anasema zimebaki dakika 4. Msemaji mwenye slaidi 14 huanza kuzikimbiza. Mwenye ujumbe mmoja huusema, hupasha panga moto mbele ya watu, hujibu swali la visiki 200, na kuketi.